Nilivyoondoa "sana", "mno" na alama za mshangao katika ujumbe wa shukrani

Rasimu ya kwanza ya ujumbe niliotaka kumpelekea mwalimu aliyenisimamia tasnifu ilikuwa na maneno 60. Kati ya hayo, "sana" lilijitokeza mara 6, "kabisa" mara 3 na "mno" mara 3, yaani neno moja katika kila matano halikuwa na kazi nyingine ila kukazia lililotangulia. Alama za mshangao zilikuwa 19. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, kwa sababu ni vigumu kueleza namna ya kupunguza chumvi bila kwanza kuonyesha jinsi ilivyozidi:

"Mwalimu shikamoo!!! Asante sana sana sana kwa kila kitu!! Kwa kweli sina maneno kabisa ya kueleza jinsi ninavyoshukuru kutoka ndani kabisa ya moyo wangu!!! Msaada wako ulikuwa mkubwa mno na wa ajabu sana, na bila wewe nisingefika popote kabisa! Wewe ni mwalimu bora kuliko walimu wote duniani! Tasnifu imepita!!! Nimefurahi mno mno! Nitakushukuru milele na milele!! Mungu akubariki sana sana!!!"

Hakuna hata sentensi moja hapo niliyoiandika kwa kujipendekeza. Nalisema hilo mapema kwa kuwa wengi hudhani ujumbe uliojaa namna hii ni wa mtu mnafiki, ilhali mara nyingi ni wa mtu aliyejawa na furaha, anayeandika kwa haraka na kuona kwamba alama moja haitoshi. Tatizo ni kwamba furaha ya mwandishi haimfikii msomaji. Kinachomfikia ni alama, na alama hizohizo amekwisha kuziona kwa anayetangaza bidhaa yake na kwa anayetafuta pa kukopa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ujumbe wangu ulikuwa unajitembeza kwa nguvu zote.

Kabla sijautuma nilimpa dada yangu ausome. Yeye hamjui mwalimu wala hakuwahi kuiona tasnifu. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia simu na kuniuliza, "Mdogo wangu, huyu mwalimu alikufanyia nini hasa?" Nilianza kumjibu kwamba si nimeandika, kisha nikautazama ujumbe upya na kuona kwamba sikuwa nimeandika. Neno "msaada" lilikuwamo, lakini msaada upi? Ujumbe ule ungeweza kupelekwa kwa daktari, kwa fundi au kwa jirani aliyenisaidia kuhama nyumba, na usingehitaji kubadilishwa zaidi ya maneno mawili au matatu. Tangu siku ile swali la dada yangu limekuwa kipimo changu cha kwanza: nampa ujumbe mtu asiyejua habari zake, na akishindwa kuniambia aliyeandikiwa alifanya nini, najua kwamba maneno ya kukazia yamekaa mahali palipopaswa kukaa habari.

Nilianza na alama za mshangao kwa sababu ndizo rahisi kuondoa. Hata hivyo, lipo jambo dogo la kiufundi linaloweza kumharibia mtu kazi. Nilikuwa nimeuhamishia ujumbe kwenye kompyuta, nikafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl+H, nikaagiza kila alama ya mshangao igeuzwe kuwa nukta. Matokeo yake, "Tasnifu imepita!!!" ikawa "Tasnifu imepita..." na sentensi ya furaha ikasomeka kama ya mtu mwenye dukuduku, kana kwamba imepita lakini kuna jambo analificha. Njia inayofaa ni kwenda kwa awamu mbili. Kwanza unageuza alama mbili kuwa moja, na kurudia agizo hilo mpaka programu ikuambie kwamba haipati tena mbili zilizofuatana. Kisha ndipo unapogeuza ile moja iliyobaki kuwa nukta. Kwenye simu, ambako ujumbe ni mfupi, ni afadhali kufuta kwa mkono. Ikiwa kuna swali lililofungwa kwa alama ya kuuliza na ya mshangao pamoja, libakizie ya kuuliza peke yake.

Kwa nini nifute zote, badala ya kuchagua za kubakiza? Kwa sababu nilipojaribu kuchagua, kila moja ilinishawishi kwamba ina haki yake. Mtu aliyezipanda mwenyewe hawezi kuzipalilia kwa haki. Zikiisha zote, unausoma ujumbe kwa sauti, polepole, na kusikiliza ni wapi sauti yako inapanda yenyewe bila kuambiwa. Kwangu ilipanda mahali pamoja tu, kwenye "Tasnifu imepita", na hilo lina mantiki, kwa sababu katika ujumbe wote hiyo ndiyo sentensi pekee iliyobeba habari mpya. Salamu haikuhitaji mshangao. Shikamoo ni heshima, na heshima haipigiwi kelele.

Kwenye maneno ya kukazia, kazi ni ya kufikiri zaidi. Hapa sishauri mtu afute yote kwa agizo moja, kwanza kwa sababu programu isiyoelekezwa kutafuta neno zima itaingia ndani ya "sanaa" na kuacha herufi moja, au ndani ya "alimnong'oneza" na kuacha neno lisilosomeka. Pili, na hili ndilo kubwa, si kila "sana" ni ya kelele. Ukisema "sura ya pili haikuwa mbaya sana" kisha ukaondoa "sana", umeisifu sura ambayo hukukusudia kuisifu kiasi hicho. Ukisema "nilichelewa mno kuwasilisha", neno "mno" linaeleza kwamba mpaka ulivukwa, na hiyo ni taarifa. "Kabisa" nalo lina mtego wake katika sentensi za kukanusha: "sikuelewa kabisa" inaweza kusomwa kwamba hukuelewa hata chembe, au kwamba ulielewa lakini si kikamilifu, kwa hiyo hapo si suala la kulifuta wala kuliacha, bali la kuiandika sentensi upya. Kipimo ninachotumia ni kuliondoa neno na kujiuliza kama jambo lenyewe limebadilika. Likibadilika, neno linapima kitu, nalo hubaki. Lisipobadilika, na kilichopungua ni makelele yangu tu, hulifuta.

Kwa kipimo hicho, katika rasimu yangu maneno yote 12 yalianguka. Hakuna hata moja lililokuwa linapima kitu; yote yalikuwa yanapima mimi.

Kundi lililofuata lilinichelewesha kwa sababu halionekani kama la kukazia. Ni yale maneno ya kuapa kwamba unachosema ni kweli: "kwa kweli", "kwa dhati", "kutoka ndani ya moyo wangu", "naomba uniamini". Mwalimu hakuwa na sababu yoyote ya kutilia shaka shukrani yangu mpaka pale nilipoanza kumhakikishia. Anayesema "kwa kweli" katika sentensi moja anaziacha sentensi nyingine zikiwa hazina kiapo, na msomaji makini atajiuliza kuhusu hizo. Niliyafuta yote bila kubakiza. "Sina maneno" nayo niliifuta kwa furaha ya pekee, maana nilikuwa nimeiweka karibu na mwanzo wa ujumbe wa maneno 60.

Kisha zikabaki kauli zilizovuka kipimo. "Mwalimu bora kuliko walimu wote duniani" ni sifa ambayo anayesifiwa anajua kwamba huwezi kuithibitisha, kwa kuwa hukufundishwa na walimu wote. Hapo analazimika kuipunguza mwenyewe kichwani, na akishaanza kupunguza hajui aishie wapi. "Bila wewe nisingefika popote" ina kasoro ya aina nyingine: inawafuta wote waliosaidia, pamoja na mwandishi mwenyewe aliyekesha na kazi. Nilichojifunza ni kuifinya kauli mpaka ilingane na ukweli ninaoweza kuusimamia. Si kweli kwamba nisingefika popote. Kweli ni kwamba kuna swali moja ambalo nisingeweza kulijibu bila yeye. Kauli ndogo kama hiyo ina uzito kuliko ile kubwa, kwa sababu msomaji haoni pa kuipunguza. Na "nitakushukuru milele na milele" ni ahadi isiyo na siku ya kutekelezwa, kwa hiyo nilitafuta ahadi ndogo yenye siku.

Hapo ndipo nilipokwama. Ujumbe uliobaki baada ya kufuta ulikuwa huu: "Mwalimu, shikamoo. Asante kwa kila kitu. Msaada wako ulikuwa mkubwa. Tasnifu imepita. Nimefurahi. Mungu akubariki." Ulikuwa baridi kama taarifa ya ofisi, na nadhani wengi huishia hapa, wakiogopa baridi hiyo na kurudisha alama zao zote. Mimi nilijaribu njia ya mkato ambayo namshauri mtu aikwepe, nayo ni kuyabadilisha maneno badala ya kuyaondoa. Niliandika "shukrani za dhati zisizo na kifani" na "msaada wako uliotukuka", nikaona nimeandika kwa adabu. Lakini "zisizo na kifani" ni "sana sana sana" iliyovaa kanzu. Mwandiko ulikuwa rasmi zaidi, kelele zilikuwa zilezile. Vivyo hivyo kwa anayefuta alama za mshangao kisha akaandika "ASANTE" kwa herufi kubwa, au akairefusha kuwa "asanteee", au akapanga vikatuni vya mikono iliyokunjwa mwishoni mwa kila mstari.

Baridi ile haikutokana na kukosa maneno ya kukazia. Ilitokana na matundu ambayo maneno hayo yalikuwa yameyaziba. "Kila kitu" ni tundu. "Msaada" ni tundu. Nilichukua karatasi nikaandika pembeni ya kila tundu: lini, wapi, alisema nini, nikafanya nini baada ya hapo. Kwenye "msaada" nilikumbuka siku aliponirudishia sura ya nne. Hakuwa ameandika maoni marefu; pambizoni, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na swali moja tu: "Nani mwingine anasema hivyo?" Hitimisho langu lote lilikuwa limeegemea watu wa upande mmoja niliowahoji, naye aliliona hilo kwa kusoma mara moja.

Kuliandika jambo hilo hakukuwa rahisi, na sababu yake sikuitarajia. Siku ile nilikasirika. Niliiweka ile sura kando wiki nzima nikiamini kwamba ananicheleweshea safari, na katika muda huo sikumpigia simu hata kumjulia hali. Ukitazama rasimu yangu ya kwanza huwezi kuona hata kivuli cha hasira hiyo, na nadhani ndiyo kazi ambayo alama zile zilikuwa zinaifanya: zilikuwa zinapita juu ya sehemu ya uhusiano wetu iliyokuwa na ugumu, ili nisilazimike kuitaja. Tangu hapo, nikiona nimeandika "sana" mara mbili zikifuatana, husimama na kujiuliza ni jambo gani mahususi ninaloogopa kulisema. Si kila mara jibu lipo. Lakini likiwapo, huwa ndilo sentensi bora ya ujumbe.

Ujumbe niliotuma mwishowe ni huu:

"Mwalimu, shikamoo. Tasnifu imepita, na nimependa uzipate habari hizi kutoka kwangu. Uliporudisha sura ya nne ukiwa umeandika pambizoni 'Nani mwingine anasema hivyo?', nilikasirika na kuiweka kando wiki nzima, kisha nikarudi kuwahoji wale ambao sikuwa nimewafikia. Siku ya utetezi mmoja wa wajumbe wa jopo aliniuliza swali hilohilo, karibu neno kwa neno, na nilikuwa na jibu. Asante sana, Mwalimu. Nakala ikishajalidiwa nitakuletea. Mungu akubariki."

Msomaji ataona kwamba "sana" moja imerudi. Niliirudisha kwa makusudi, kwa sababu "asante sana" kwa mtu mzima ni kanuni ya adabu kama ilivyo shikamoo, na "asante" tupu, ikisimama peke yake mwishoni mwa ujumbe kwa mwalimu, inaweza kusikika kama mtu anayepokea chenji. "Pole sana" kwa aliyefiwa iko katika hali hiyohiyo. Maneno haya mawili huyaacha kila mara, ila mara moja tu katika ujumbe, na bila kuyarudufu.

Ataona pia kwamba ile alama ya mshangao niliyoisikia kwenye "Tasnifu imepita" haimo. Niliirudisha, nikaitazama, kisha nikaiondoa, kwa sababu nilikuwa nimeiunganisha habari hiyo na maneno yanayofuata, na alama ingeikata sentensi katikati. Kama ningeiacha sentensi fupi, ningebakiza alama hiyo moja bila kusita.

Ujumbe wa pili una urefu usiopishana sana na wa kwanza, lakini ulinichukua sehemu kubwa ya jioni, ilhali ule wa kwanza niliuandika nikiwa nimesimama. Hiyo ndiyo gharama, na kwa ujumbe wa kila siku hailipi. Ninaitumia pale ambapo mtu amenipa muda wake, au pale ninapoomba radhi. Katika kuomba radhi, kelele zinaumiza zaidi kuliko katika shukrani, kwa sababu "samahani sana sana jamani!!!" humfanya aliyekosewa ashughulike na hali ya aliyekosea. Mfuatano wa kazi ni uleule: unafuta alama, unapima maneno, unaziba matundu kwa jambo lililotokea. Tofauti ni kwamba katika radhi tundu kubwa kuliko yote huwa ni jina la kosa lenyewe, ambalo mara nyingi halitajwi kabisa. "Samahani kwa yaliyotokea" haijataja lolote, hata ukiifuata kwa alama kumi.

Mwalimu alijibu siku ileile. Aliniuliza ni mjumbe gani aliyeuliza swali lile, na akataka kujua watu niliowahoji mara ya pili walisema nini kilichotofautiana na wa mwanzo. Tukaandikiana kwa muda. Zamani nilipowapelekea watu ujumbe wa mtindo wa kwanza, majibu yalikuwa "karibu" au "amina", nami nilidhani wana shughuli nyingi. Siku hizi naona kwamba sikuwa nimewapa kitu cha kujibu: mtu hawezi kuendeleza mazungumzo kutoka kwenye "mno mno".

Lipo tatizo moja ambalo sikulitazamia, na anayetaka kujaribu haya ni vyema alijue. Baada ya zoezi lile nilianza kumwandikia kila mtu kwa nukta. Nilimpelekea dada yangu ujumbe uliosema, "Nimefika. Chakula kilikuwa kizuri. Tutaonana kesho." Alinipigia simu akitaka kujua amenikosea nini. Kwa aliyezoea alama zako tatu tatu, nukta ni habari mpya, na atatafuta maana yake. Mwalimu hakuwa na mazoea ya ujumbe wangu wa kila siku, ndiyo maana nukta zangu hazikumshtua. Dada yangu alikuwa nayo ya miaka mingi. Kwa watu wa karibu sasa napunguza kidogo kidogo: nimetoka kwenye tatu hadi moja, na hiyo moja naiweka kwenye salamu au kwenye "Hongera!", ambalo ni neno la kutamkwa kwa sauti ya juu hata ana kwa ana, na likifungwa kwa nukta linaweza kudhaniwa kuwa kijembe. Sentensi zinazofuata hupata nukta. Dada yangu bado ananiandikia kwa alama nne nne, na sijawahi kumgusia.